Mapigo na pumzi katika shairi la dakika tatu: kijana, bahasha na mageti ya Tanga

Kanuni inayofuatwa na mashindano mengi ya slamu, yaani mashindano ya ushairi unaosemwa jukwaani, iliyotoka Marekani ambako michezo hii ilianzishwa Chicago katika miaka ya 1980, inampa msanii dakika tatu na sekunde kumi za msamaha. Baada ya hapo, kila sekunde kumi zinazozidi humkata nusu alama. Alama zenyewe hutolewa na majaji watano, ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa, kisha tatu zinazobaki hujumlishwa. Nusu alama inatosha kumshusha mtu kutoka nafasi ya kwanza hadi ya nne. Kwa hiyo kabla hujaandika neno, waulize waandaaji wako wa Tanga wanafuata kanuni gani, na saa inaanza lini: unapokanyaga jukwaa, au unapotoa sauti ya kwanza.

Ninachoeleza hapa ni namna ya kujenga mapigo na pumzi ndani ya shairi moja la ukosefu wa ajira. Nimeliandika shairi hilo kwa ajili ya mwongozo huu, na msemaji wake ni kijana wa Makorora anayeamka alfajiri kuzungusha bahasha. Usilinakili. Tazama linavyofanya kazi, kisha andika la kwako.

Kwanza, hesabu mizani, maneno yaache

Neno la Kiswahili linaweza kuwa na silabi mbili au nane, kwa hiyo idadi ya maneno haikuambii chochote kuhusu muda. Mizani inakuambia. Chukua ubeti wowote wa tarbia wenye mistari minne ya mizani 16, yaani mizani 64 kwa jumla, na uusome kwa sauti ya jukwaani huku simu ikirekodi. Ukitumia sekunde 13 hivi, mwendo wako ni mizani tano kwa sekunde, nao ni mwendo mzuri ambao mtu wa kiti cha nyuma anaufuata bila taabu. Ukitumia sekunde kumi, unakimbia.

Sasa panga bajeti. Lenga dakika mbili na sekunde 40, usilenge tatu, kwa sababu makofi na vigelegele vya katikati vitakula muda wako na saa haisimami kwa ajili yao. Katika hizo sekunde 160, tenga 40 kwa ajili ya kimya na kuvuta pumzi. Zinabaki 120 za sauti, na kwa mwendo wa mizani tano unapata mizani 600. Hizo ni beti tisa za tarbia na kipande. Ni shairi fupi kuliko wengi wanavyodhani, na hapo ndipo kazi yote inapoanzia: ukileta mizani 900 utalazimika kukimbia, na anayekimbia hapumui, na asiyepumua hasikiki.

Pili, chagua sauti moja na asubuhi moja

Mizani 600 hazibebi hali ya uchumi ya mkoa mzima. Najua kishawishi kilichopo Tanga. Unataka mkonge uwemo, viwanda vilivyofungwa viwemo, bandari iwemo, bomba la mafuta liwemo, na juu ya hayo asilimia ya wasio na kazi. Takwimu ndiyo ghali kuliko vyote, maana asilimia moja yenye nukta humeza mizani kumi na zaidi, na msikilizaji hawezi kurudi nyuma kuisoma tena. Iache kwa wanaoandika ripoti.

Amua umri wa msemaji wako mapema. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Aliyemaliza chuo mwaka jana na aliye na miaka 34, mwenye watoto wawili, wote ni vijana kwa maandishi, lakini hawavuti pumzi kwa namna moja. Wa kwanza anasema haraka kwa kuwa bado anatumaini kusikilizwa. Wa pili anakata maneno. Wa kwangu ana miaka 26 na stashahada ya uhasibu.

Tatu, jenga mapigo kwa urefu wa maneno

Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: KAzi, kaZIni, nataFUta. Huwezi kuuhamisha upendavyo. Unachoweza kuamua ni umbali kati ya mkazo mmoja na mwingine, na umbali huo hutokana na urefu wa maneno unayochagua. Maneno ya silabi mbili tatu yanapiga kama ngoma, na vitenzi virefu vinateleza. Yote mawili yana kazi yake.

Angalia sentensi ambayo huja kichwani kwanza kwa karibu kila anayeandika juu ya jambo hili:

Vijana wengi katika jiji letu wamekuwa wakihangaika kutafuta ajira kwa muda mrefu bila mafanikio yoyote.

Ni mizani 45, yaani sekunde tisa. Igonge kwa kidole kwenye paja, ukigonga kila penye mkazo. Ukifika "wamekuwa wakihangaika" utapita silabi tano dhaifu kabla ya kupata pa kugonga tena. Sikio halina pa kushika, na hakuna mahali penye haki ya kuvuta pumzi hadi mwisho. Ni sentensi ya taarifa ya habari. Niliyoiweka badala yake ni hii:

Alfajiri. Makorora.
Baba yupo msikitini, mama yupo jikoni,
mimi nipo barabarani.
Bahasha kwapani.
Baiskeli ya jirani.

Hizi ni mizani 48, tatu tu zaidi ya zile za mwanzo, lakini zina vituo saba. Mstari wa pili una mizani 16 kamili, kwa hiyo una uzito wa shairi la mapokeo, kisha mistari inafupika hadi inabaki bahasha na baiskeli. Hakuna neno "ajira", hakuna neno "umaskini". Baiskeli ya kuazima imeshasema, na kila mkazi wa Tanga anajua baiskeli ni nini katika mji huu.

Fanya jaribio la kidole kwa shairi zima. Penye silabi nne au zaidi bila pigo, jiulize kama mtelezo huo umeutaka. Kama msemaji anakimbia au anachanganyikiwa, uache. Kama ni wa bahati mbaya, vunja kitenzi: "nilipokuwa nikisubiri" inaweza kuwa "nasubiri" tu.

Kina cha silabi moja hakisikiki usipoimba

Hili linawasumbua hasa waliolelewa kwenye tungo za magazetini. Katika tarbia, silabi ya mwisho ikifanana inatosha kuwa kina, kwa sababu shairi lile huimbwa na sauti huivuta silabi ile ya mwisho. Jukwaani unasema, huimbi. Mkazo uko nyuma yake kwa hatua moja, na silabi ya mwisho inatoka dhaifu. "Msikitini" na "jikoni" zina kina cha -ni kwenye karatasi, ila zikisemwa zinapita tu. "Barabarani", "kwapani" na "jirani" zinashikana kwa -ani, na hizo utazisikia zikigonga ukutani mwa ukumbi.

Kanuni yangu ni kwamba kina cha kusemwa kianzie kwenye silabi yenye mkazo. Nilikuwa na mistari hii miwili:

Bomba latoka Hoima, lafika Chongoleani;
bahasha ya Makorora, haijafika getini.

Mizani iko sawa, nane kwa nane, na jambo lenyewe ni la kweli kwa kila mtu wa hapa, kwani bomba la mafuta ghafi limechorewa njia ya kilomita 1,443 kutoka Uganda mpaka Chongoleani, na Makorora ni mtaa wa mjini. Lakini Chongoleani na getini hazigongani. Nikabadili neno moja:

bahasha ya Makorora, haijafika mezani.

Sasa -ani inapiga mara mbili, na maana imekaa vizuri zaidi, kwa kuwa getini kijana amefika, ila bahasha yake haijapokelewa na mtu yeyote. Mara nyingi ukitafuta kina chenye mkazo unalazimika kuliwaza upya jambo lenyewe.

Usizidishe. Vina vikifuatana shairi zima, msikilizaji anaanza kubashiri neno linalokuja na anaacha kusikiliza habari. Mimi ninaviweka sehemu tatu tu: mwanzo, mistari hii miwili ya bomba, na karibu na mwisho.

Nne, gawa pumzi kwenye karatasi

Chapa shairi kwa nafasi pana, uchukue kalamu. Mkwaju mmoja / ni kituo bila kuvuta pumzi. Miwili // ni mahali pa kuvuta. Tarakimu ndani ya duara ni sekunde za kimya. Weka alama hizi zote kabla hujaanza kukariri, maana ukikariri kwanza, pumzi itajichagulia mahali pabaya na kuing'oa hapo ni kazi.

Pumzi moja ya starehe inabeba mizani 20 hadi 25, yaani sekunde nne au tano. Unaweza kwenda mbali zaidi, lakini kuanzia hapo sauti inaanza kushuka, na Kiswahili kinaadhibu jambo hilo vibaya. Silabi ya mwisho tayari ni dhaifu, na pumzi ikiisha inamezwa kabisa. "Nafasi hakuna" inasikika "nafasi haku". Dalili ni rahisi kuikamata: sikiliza rekodi yako ukiwa umesimama hatua kumi kutoka kwenye simu, na mahali popote neno la mwisho la mstari lisiposikika, tafuta // iliyo karibu nyuma yake na uisogeze.

Vuta pumzi kwa mbavu za chini na tumbo, mabega yabaki yalipo. Weka viganja pembeni mwa kiuno; vikisukumwa nje unavuta sawasawa. Mabega yakipanda, umevuta hewa ya juu tu, shingo inakaza, na maiki itatoa mlio wa kuhema ambao ukumbi wote utausikia. Kujua uwezo wako, toa sauti ya "sss" nyembamba, isiyotetereka, hadi iishe. Mtu mzima mwenye afya hufika sekunde 15 hadi 25. Ukiishia kumi, fanya zoezi hili asubuhi mara chache, na kizunguzungu kikija, kaa chini na uache kwa siku hiyo.

Kuna sehemu moja ambapo nataka pumzi inyooshwe kupita starehe, nayo ni orodha ya vitu vinavyodaiwa getini:

Barua ya maombi, wasifu, vyeti, nakala za vyeti, muhuri wa wakili, cheti cha kuzaliwa, picha mbili ndogo, wadhamini watatu, namba ya NIDA //
na uzoefu / wa miaka mitano.

Kutoka "barua" hadi "NIDA" ni mizani 50. Hapa mwendo unapanda hadi sita kwa sekunde, kwa hiyo ni sekunde nane na kidogo kwa pumzi moja. Msikilizaji anaanza kuishiwa hewa pamoja nawe. Kisha unavuta pumzi, na hii ndiyo pumzi pekee ya shairi zima ambayo watu wanaruhusiwa kuisikia. Baada yake, "na uzoefu" inashuka hadi mwendo wa mizani nne, polepole, kama mtu anayesomewa hukumu.

Mstari huu una mitego miwili. Wa kwanza ni kujaza hewa kupita kiasi kabla ya kuanza. Kifua kikijaa sana, maneno matatu ya kwanza yanatoka kwa kishindo na hewa inaisha kwenye picha mbili ndogo. Vuta kiasi cha robo tatu. Mtego wa pili ni kuubana mwendo tangu neno la kwanza. Anza na mizani tano kwa "barua ya maombi", kisha uongeze kuanzia "nakala", ili kasi ionekane inamkimbiza msemaji. Zoezi lake ni kuusema mstari mara ya kwanza kwa kunong'ona. Kunong'ona hula hewa nyingi zaidi kuliko sauti, kwa hiyo ukiweza kufika "NIDA" kwa kunong'ona, jukwaani utafika na akiba.

Tano, kimya kifanye kazi ya kusubiri

Asiye na kazi anasubiri. Anasubiri geti lifunguliwe, simu iite, jina lisomwe. Ukilisema jambo hilo kwa maneno umelieleza, lakini ukumbi haujalisikia. Ukimfanya msikilizaji asubiri, anajua. Uti wa mgongo wa shairi langu ni mageti manne yenye maamkizi yaleyale:

Geti la bluu.
Shikamoo mzee. ① Marahaba, kijana. Nafasi hakuna.

Geti la kijani.
Shikamoo mzee. ② Marahaba. Hakuna.

Geti jeusi.
Shikamoo mzee. ② Hakuna.

Geti la mwisho.
Shikamoo mzee. ④

Rangi zinamsaidia msikilizaji kuhesabu mageti bila wewe kumhesabia, na zinakuepusha na kutaja ofisi ya mtu. "Shikamoo mzee" ni mizani saba na ibaki vilevile mara zote nne, kwa mwendo uleule, kimo kilekile cha sauti na heshima ileile. Kinachopungua ni jibu. "Kijana" na "nafasi" zinatoka kwanza, kisha "marahaba" yenyewe, hadi pasibaki kitu. Msanii anayeongeza uchungu kwenye shikamoo ya tatu amelivunja shairi, kwa sababu adabu ya kijana isiyotetereka ndiyo inayouma.

Sekunde nne za geti la mwisho zina nguvu yake hapa pwani. Shikamoo isiyoitikiwa ni jambo zito, na kila mtu ukumbini ameshalelewa kuiitikia. Wazee watanong'ona "marahaba" bila kujijua. Pengine mtu ataisema kwa sauti, na vijana watacheka. Waache. Usiwatazame na usiharakishe. Kaa kwenye hesabu yako na kicheko kitazimika chenyewe, na kimya kitakachofuata kitakuwa kizito zaidi.

Kuna ufundi mmoja wa pumzi hapa ambao wengi hawaujui. Ukivuta pumzi mara tu baada ya "mzee", ukumbi unaona kifua kikipanda na unajua unataka kusema, kwa hiyo hakuna anayesubiri. Maliza "mzee" ukiwa na hewa imebaki, funga mdomo, mtazame bawabu asiyeonekana mahali alipo, na uvute kwa pua taratibu katika sekunde ya nne tu. Hesabu kwa kubana vidole vya miguu ndani ya viatu; kimoja baada ya kingine haiwezekani, basi bana vyote na kuachia mara nne. Usihesabu kwa mkono, utaonekana.

Baada ya kimya hicho ndipo mistari ya bomba inapoingia. Imewekwa hapo makusudi. Shairi limekuwa likikatikakatika kwa dakika moja na nusu, na ghafla sikio linapata mizani nane kwa nane, na kituo cha katikati mahali kilipo siku zote. Vuta pumzi ndogo baada ya "Hoima", na nyingine baada ya "Chongoleani".

Shairi linaishia nyumbani, kwa mama:

Vipi leo, mwanangu? ②
Nimewaamkia, mama.

Mstari wa mwisho unahitaji pumzi kubwa kuliko zote ingawa unasemwa kwa sauti ya chini kuliko zote. Sauti ya chini isiyo na hewa nyuma yake inakuwa mnong'ono, na "mama" inapotea. Vuta wakati wa zile sekunde mbili, sema, kisha simama palepale kwa sekunde moja kabla ya kuinamisha kichwa.

Sita, mazoezi na siku yenyewe

Soma mara tatu mfululizo huku saa ikihesabu. Tofauti kati ya mara ya haraka na ya polepole isizidi sekunde tano. Ikizidi, mwendo wako bado unaongozwa na hisia za siku hiyo. Fanya mara moja ukiwa umetoka kutembea haraka au kupanda ngazi, moyo ukidunda, kwa sababu ndivyo utakavyokuwa jina lako likiitwa. Hapo utaona ni // ipi iliyo ndogo mno.

Ukumbini, kaa na maiki umbali wa vidole vinne, pembeni kidogo ya mdomo, ili "b" za "Baba", "bahasha" na "bomba" zisipige kishindo kwenye spika. Kama onyesho liko wazi kando ya bahari, upande wa Raskazone kwa mfano, upepo utaingia kwenye maiki na kimya chako hakitakuwa kimya. Omba sponji ya maiki, au uipe mgongo bahari. Tazama pia saa ya adhana kwenye ratiba. Kama zamu yako inaangukia hapo, zungumza na mwendesha shughuli mapema, maana kimya cha sekunde nne hakiwezi kukaa juu ya adhana na haifai kujaribu.

Na ukiona mazoezini umepita dakika mbili na sekunde 50, kata maneno. Anza na maelezo ya geti la kijani kama umeyaongeza, kisha picha mbili ndogo, kisha wadhamini. Sekunde nne za geti la mwisho usiziguse.